Somo: Kuwatoa watu mezani hadi uwanjani bila kuwashtua

Leo nagusa kipande kimoja tu cha kazi yetu: zile dakika 40 kabla ya wimbo wa kwanza wa kucheza. Madijei wengi hupiga muziki wa chakula mpaka mwisho, halafu wanaachia ngoma nzito ghafla. Watu wanageuka kutazama spika, kisha wanaendelea na soga zao kwa kupaza sauti. Uwanja mtupu, na wimbo wako mkali umeshaungua.

Kuna vitu vitatu vya kupandisha: kasi, besi na sauti. Visipande pamoja.

Hatua ya 1: kasi. Watu wakiwa katikati ya kula huwa nipo kwenye mapigo 80 hadi 90 kwa dakika (yale ya BPM kwenye skrini). Nikiona vijiko vinaanza kulazwa, napanda ngazi: 88, 92, 96, 104, 110. Nyimbo 10 hivi zinatosha, na mbili zinaweza kukaa ngazi moja. Mlaji hagundui kitu, ila mguu wake chini ya meza unagundua.

Ngazi inayosumbua ni ya 96 kwenda 104. Ukiuburuza wimbo wa kwanza mpaka 104 umeuongeza zaidi ya asilimia 8, na mwimbaji anasikika kama anakimbizwa. Mimi nazikutanisha kwenye 100: wa kwanza unapanda asilimia 4 na kidogo, wa pili unashuka karibu asilimia 4. Hakikisha Key Lock au Master Tempo imewaka, la sivyo sauti za waimbaji zitapanda na kushuka pamoja na kasi. Wa kwanza ukishatoka, rudisha wa pili kwenye 104 taratibu, ukitumia mapigo 32 au zaidi. Ukirudisha kwa mkupuo, hata asiyejua muziki atahisi kuna kitu kimeteleza.

Hatua ya 2: besi. Wakati wa kula naipunguza kwenye mikisa. Kasi ikifika 96 naanza kuirudisha, kidogo kwa kila wimbo. Maneno ya mtu hubebwa zaidi na sauti za kati na za juu, kwa hiyo besi ya wastani haikatizi maongezi, lakini mwili unaisikia kupitia kiti na sakafu. Unapochanganya, besi mbili zisilie pamoja, zitavimbiana na kuwa tope. Ingiza wimbo mpya ukiwa umekatwa besi, subiri mwanzo wa kipande kipya, kisha kata ya zamani na ufungue mpya kwa pigo hilohilo.

Hatua ya 3: sauti, na hii ni ya mwisho. Wakati wa kula, desibeli 65 hadi 70 mezani zinatosha. Kuongeza 1 kwa kila wimbo hakuonekani, lakini kuongeza 10 kwa mara moja kunasikika kama umezidisha maradufu. Ukiona watu wanainamiana masikioni ili wasikizane, umetangulia. Rudi nyuma kidogo, maana ukipandisha nao wanapandisha, na ukumbi mzima unageuka kelele. Sauti kamili ingoje miguu iwe uwanjani.

Hatua ya 4: wimbo wa kufungua. Karibu na 110, unaojulikana na wazee na vijana, wenye mwanzo unaotambulika kabla ya mtu kuimba. Mpange na mshereheshaji taa zipungue mwanzo huo unapolia, na asizungumze juu yake. Ule mkali kuliko wote uweke wa tatu.

Maswali

*Swali: Kaka, nina nyimbo za 90 na za 120 tu, katikati sina kitu. Nifanyeje?*
Usilazimishe kuchanganya. Acha wa 90 uishe wenyewe, au ukate kwa mwangwi mwisho wa kipande, kisha anza wa 120 na mwanzo wake usio na ngoma. Njia nyingine ni wimbo wa taratibu wa mapigo 60: ukihesabu maradufu ni 120, basi ngoma mpya inaingia juu yake bila kugongana.

*Swali: Nimefika 104, mara mtu anasimama kutoa hotuba ya dakika 15. Naanza upya?*
Usirudi mwanzo kabisa. Shuka ngazi moja au mbili, anza 96, sauti ikiwa chini. Nyimbo tatu utakuwa umefika tena. Inaudhi, najua.

*Swali: Wamesimama watano tu. Nibadilishe wimbo?*
Hapana, hao watano ndio mtaji wako. Ukibadilisha aina ya muziki watakaa. Wape wimbo wa pili wa kasi ileile na ladha ileile, na usiongeze sauti. Kama hata hao wakirudi vitini, shuka mpaka 104 ukajaribu mlango mwingine baada ya nyimbo mbili.