Mota ya sumaku ya kudumu au ya induksheni? Pima kwanza kwenye mwendo kasi

Kwenye gari la umeme, katika safari za mjini, mota ya sumaku ya kudumu hushinda kwa ufanisi. Rota ya induksheni hubaki nyuma kidogo ya uga wa sumaku unaozunguka, na mtelezo huo hugeuka joto: kW 50 zikiingia kwenye rota kwa mtelezo wa asilimia 2, kW 1 huishia kuipasha moto. Lakini sumaku ya kudumu haizimwi, kwa hiyo ipigie hesabu kabla ya kuamua.

Hatua ya 1: Tafuta volti ambayo mota inajizalishia. Chukua betri ya volti 360, mota ya jozi 4 za ncha, sumaku ya 0.06 Wb na kasi ya mizunguko 12,000 kwa dakika.

```
w = 4 × 2π × 12000/60 = 5027 rad/s
E = 5027 × 0.06 = 302 V (kilele, kwa fezi)
Vmax = 360/√3 = 208 V
```

Mota inazalisha volti nyingi kuliko inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa fezi tatu, inavyoweza kutoa, hivyo ni lazima uudhoofishe uga wa sumaku kwa mkondo unaoupinga.

Hatua ya 2: Pima gharama ya kuudhoofisha. Ikiwa Ld, yaani induktansi ya koili kwenye mhimili wa sumaku, ni 0.2 mH, mkondo unaohitajika, id, ni:

```
id = (208/5027 − 0.06)/0.0002 ≈ −93 A
```

Koili zenye ukinzani wa milioomu 10 zitapoteza takriban W 130 hata kama gari linaserereka tu. Induksheni ungeikatia mkondo, na upotevu huo ungetoweka. Ndiyo maana Tesla Model 3 ya mota mbili imewekewa ya sumaku nyuma na ya induksheni mbele.

Angalia pia usalama, na hapa usiharakishe. Inveta ikizimika ghafla kwenye kasi hiyo, volti kati ya nyaya mbili hufika kilele cha 522. Daiodi za inveta zitausukuma umeme huo kwenye betri ya volti 360, na gari litajifunga breki bila dereva kugusa kitu. Panga mapema namna inveta itakavyounganisha fezi zote tatu kwa pamoja.

Hatua ya 3: Kagua udhibiti. Mota ya sumaku inahitaji pembe sahihi ya rota. Izungushe kwa mota nyingine kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ukiagiza mkondo sifuri. Kontrola ionyeshe Vd, yaani volti ya mhimili wa sumaku, karibu sifuri, na Vq, ya mhimili ulio wima kwake, karibu 75. Ukiona Vd ya volti 13, kwa ishara yoyote, sensa ya pembe imekosea kama nyuzi 10.

Induksheni haihitaji pembe hiyo, kasi inatosha, lakini kontrola hukadiria mtelezo kwa ukinzani wa rota Rr, induktansi yake Lr, mkondo wa torki iq na mkondo wa uga id:

```
ws = (Rr/Lr) × (iq/id)
```

Rr hubadilika kwa joto. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 125 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 39. Torki ikiwa sawa asubuhi, kisha ikaachana na agizo baada ya mlima mrefu, shuku Rr kabla ya kugusa kingine, na uiweke irekebishwe kwa kufuata joto.