Kabla hujaingia intavyuu ya data: lile swali la ugonjwa adimu

Ukiitwa intavyuu ya kazi ya data, iwe ni benki hapo Moi Avenue ama kampuni ya mizigo Shimanzi, lile swali la ugonjwa adimu laweza kukujia, na mara nyingi huja hivi: ugonjwa anao mtu 1 kati ya 1,000, kipimo kinamnasa mgonjwa mara 99 kwa 100, na asiyeumwa kinamsingizia mara 5 kwa 100, haya, mtu kaambiwa anao, uwezekano kwamba anaumwa kweli ni ngapi? Mdomo utataka kusema 95, uzuie. Mwaka 1978 swali kama hili waliulizwa watu 60 kwenye hospitali za Harvard, madaktari na wanafunzi wao, na waliopatia walikuwa 11 tu.

Kwa hivyo kabla ya fomula jizoeze kuhesabu watu. Andika laki moja juu ya karatasi, igawe: wagonjwa 100, wazima 99,900. Wagonjwa watakaonaswa ni 99. Wazima watakaosingiziwa ni 4,995, na hapo ndo penyewe, maana wazima ni wengi mno hata kosa dogo kwao linatoa majina mengi kuliko wagonjwa wote wakiwekwa pamoja. Jumla walioambiwa wanao ni 5,094, wa kweli 99, ukigawa unapata kama 2%. Wakitaka fomula sasa ndo uiandike, ni hesabu ileile tu, P ni uwezekano, M ni kuwa mgonjwa, na + ni kuambiwa unao:

```
P(M|+) = P(+|M)P(M) / P(+)
```

Jambo jingine, uliza waliopimwa ni kina nani. Aliyekuja kiliniki na dalili zote si sawa na mtu uliyemshika tu hapo feri Likoni, ile 1 kwa 1,000 haimhusu, na ukiibadilisha hiyo jibu lote linahama. Na wakikuuliza je akipimwa tena na kuambiwa anao tena? Ukirudia hesabu ileile kwa wale 5,094 inafika kama 28%, lakini waambie hiyo ni iwapo makosa ya vipimo viwili hayahusiani, kwa sababu kama kuna kitu kwenye damu yake kilichokidanganya kipimo mwanzo, cha pili cha aina hiyohiyo kitadanganyika pia.

Halafu kuna mtego wa modeli ya kukamata wizi wa pesa za simu, na huu mimi nauona mbaya zaidi. Kwa vile wizi ni nadra, mtu husawazisha data nusu kwa nusu, anaijaribu modeli humohumo, na kwa makali yaleyale ya 99 na 5 anaona katika kila miamala 100 iliyopigiwa kengele, 95 ni wizi kweli. Akiipeleka kazini, kwenye wizi 1 kwa 1,000, inabaki ile 2, na modeli haijaharibika popote. Ukionyeshwa ripoti kama hiyo, uliza data ya majaribio ilikuwa na wizi asilimia ngapi.