Kabla hujasaini mfumo mpya wa mizani: testi ya kukubali, hatua kwa hatua

Wakuu, mimi nawakilisha chama cha msingi cha kahawa huku Moshi, tulitengenezewa mfumo wa kupokea kahawa na kulipa wakulima na mimi ndo nilitakiwa nisaini kwamba unafaa. Nawaandikia nilivyofanya.

Hatua ya 1, wiki moja kabla. Chukua risiti za zamani za mkono, chagua kama 15, zile za kawaida na zile zenye utata, halafu piga hesabu kwa kalamu na uandike jibu KABLA hujafungua mfumo. Ukisubiri mfumo ukuonyeshe kwanza utauamini tu, hiyo nimeiona sana. Mfano wangu: gunia limepima kilo 62.4, toa kilo 1 ya gunia, inabaki 61.4, bei tuseme 4,000 kwa kilo inakuwa 245,600, mkulima ana mkopo wa pembejeo 60,000, anachukua 185,600. Weka pia yule aliyebakiwa na kilo 10 tu baada ya kutoa gunia na anadaiwa hiyohiyo 60,000, yeye apate sifuri na deni libaki 20,000, isije ikatoka hasi.

Hatua ya 2, siku yenyewe. Anayebonyeza awe karani wa mizani, sio wewe wala bosi, na fundi wa mfumo akae pembeni asiguse mausi hata karani akikwama, maana pale anapokwama ndo unapopatafuta. Andika namba ya vesheni, kilichotarajiwa, kilichotoka, piga skrinshoti.

Kwetu ilitoka 184,000. Mfumo ulikuwa unapeleka uzito kwenye kilo nzima iliyo karibu, 61.4 inakuwa 61, mkulima kapoteza 1,600. Na ubaya wake ni kwamba 61.6 inakuwa 62, kwa hiyo wengine wanapunjwa wengine wanazidishiwa na jumla ya siku inakaribiana kabisa na ya daftari. Ukiangalia jumla peke yake huoni kitu, kagua risiti moja moja.

Fundi akasema hilo ni ombi jipya, linalipiwa. Tukafungua mahitaji tuliyokubaliana, yameandika uzito uwe na desimali moja, basi ni kasoro, anarekebisha bure. Kama haikuandikwa kweli lingekuwa ombi jipya, kwa hiyo nenda na ile karatasi.

Hatua ya 3, rudia zote 15, sio ile iliyofeli tu. Vesheni ya pili malipo yalikuja sawa 185,600 ila risiti iliyochapwa bado ilisema kilo 61, nikagoma kusaini, risiti ndo anayobaki nayo mkulima.

Hatua ya 4, saini. Kwenye fomu taja namba ya vesheni uliyoitesti, na kasoro zilizobaki na nani atazimaliza lini. Mimi nilisaini raundi ya tatu ikiwa imebaki moja, majina marefu yanakatika mwishoni kwenye risiti, namba ya mwanachama inaonekana vizuri, fundi akaandika tarehe yake naye akasaini hapohapo.