Somo: Mayai ya birika la umeme na hotpoti, kwa asiye na jiko

Hosteli nyingi za huku Tudor hazitaki kuona gesi wala jiko la koili chumbani, lakini birika la umeme halisumbuliwi na mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilitumbukiza mayai mawili ndani ya birika la mwenzangu, nikawasha. Maji yalipochachamaa mayai yakagonganishwa, moja likapasuka, ute ukapanda povu hadi mdomoni mwa birika na mwingine ukagandia chini penye moto. Chai ya chumba kile ilinuka yai wiki nzima, na mwenyewe hakunisemesha.

Tangu hapo birika kwangu ni la maji tu. Yai halihitaji maji yanayotokota. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kinafuata kwenye 65 hadi 70, na ute hauwi mgumu sawasawa mpaka ukaribie 80. Maji yaliyochemka yakizuiwa yasipoe upesi yanatosha, na hiyo ndiyo kazi ya hotpoti.

Hivi ndivyo nilivyofanya jana asubuhi kwa mayai matatu.

1. Niliosha mayai, nikayakagua. Lenye ufa nililiweka kando.

2. Nilichemsha birika limejaa. Maji ya kwanza, kama kikombe, nilimimina kwenye hotpoti tupu, nikafunika dakika moja, nikayamwaga. Usiruke hatua hii: hotpoti baridi hunyonya joto lote la mwanzo.

3. Nilibonyeza birika tena mpaka likajizima lenyewe. Nikapanga mayai kwenye hotpoti kwa kijiko, nikamimina maji kama lita moja, yakafunika mayai kwa vidole viwili. Nikafunga kifuniko.

4. Nikaangalia saa. Dakika 10 kiini kinabaki cha majimaji. Dakika 15 kinakuwa kama jamu. Mimi nataka kigumu, kwa hiyo nilingoja 20, wala sikufunua kuchungulia.

5. Nikayatia kwenye maji ya baridi dakika tano, nikamenya. Ganda lilitoka vipande vikubwa, kwa sababu yai lilikutana na maji ya moto tangu mwanzo. Chumvi, pilipili ya unga, mkate, basi.

Dakika hizo ni za mayai ya dukani kwetu, yaliyokaa kwenye trei katika joto la Mombasa. Yakitoka friji, ongeza dakika tatu au nne. Na usizidishe manne kwa lita moja, maana kila yai linapoza maji.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Likoni:* Sina hotpoti. Chupa ya chai inafaa?

Hapana dada, yai likiingia kulitoa ni kazi, na kioo cha ndani ni rahisi kuvunjika. Chukua sufuria ndogo yenye kifuniko, pasha kwa maji ya moto vilevile, kisha izungushie leso mbili au taulo nene. Ongeza dakika tano.

*Mwanachama wa Kisauni:* Nilifuata yote, nikavunja moja, ute bado uko kama kamasi.

Maji yako hayakuwa yamechemka, au yalikuwa machache. Wengine huinua birika likianza kuvuma, kabla halijajizima. Yaliyobaki mwaga maji, tia mengine ya moto, funika dakika nane. Lile ulilolivunja usile hivyo.

*Mwanachama wa Mtwapa:* Mimi nina raiskuka tu.

Umebarikiwa kuliko sisi. Osha mayai, weka juu ya wali maji yanapokaribia kukauka, funika. Swichi ikiruka, acha dakika 10 nyingine, yatakuwa magumu. Kukaanga ndiko kunakosumbua: chini kukipita joto la maji kuchemka swichi inaruka, sufuria inabaki vuguvugu. Piga yai kwenye kikombe cha bati na kitunguu, likalie humo kwa mvuke wa maji kidogo. Litatoka laini, halitakuwa la kukaanga.

*Kaka wa Bamburi:* Na eafraya?

Nyuzi 130, dakika 15 na ganda lake, bila maji, kisha maji baridi. Jaribu moja kwanza, mashine hazifanani. Hutokea madoa ya kahawia kwenye ute, hayana neno. Ila uliza mwenye nyumba kwanza, inakula tokeni na waya za vyumba vingine ni nyembamba.

*Dada wa Likoni tena:* Nikichemsha asubuhi nile saa nane mchana, darasani?

Usifanye hivyo. Kwa joto letu yai lililopikwa lisikae nje zaidi ya saa moja au mbili, na likishamenywa muda uwe mfupi zaidi. Huna friji, chemsha ya kula sasa. Na kama kuna mjamzito au mtoto chumbani, yake yawe ya dakika 20, kiini kigumu.

*Mwanachama wa Kisauni:* Nimerudia, yametoka. Birika langu lina ukoko mweupe chini, ni ute?

Kama hukutia yai ndani, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Kamulia ndimu mbili, jaza maji nusu, chemsha, acha nusu saa, suuza mara mbili kabla ya chai.