Somo: Jinsi ya kusoma tangazo la nafasi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Ujerumani

Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, vikiwemo Leipzig, Bayreuth na Hamburg, na nafasi inapopatikana tangazo lake huwa fupi mno, kwa sababu limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anazijua sheria za kazi za huko. Nimeunda mstari mmoja wa mfano, unaofuata mtindo wa matangazo hayo, ili tuusome pamoja:

`Lehrkraft für besondere Aufgaben, E 13 TV-L, 50 %, 8 SWS, befristet auf 2 Jahre`

Hatua ya 1: mshahara. Maneno ya mwanzo, `Lehrkraft für besondere Aufgaben`, ni jina la cheo, yaani mwalimu wa majukumu maalumu. E 13 ni ngazi ya mshahara ya wenye shahada ya uzamili, na TV-L ni mkataba wa pamoja wa watumishi wa majimbo. Ukitazama jedwali la mishahara, kumbuka kuwa kiasi kilichoandikwa ni cha kazi kamili, nawe hapa utapata nusu yake kabla ya kodi na bima. Ndani ya ngazi hiyo mna vidato sita vinavyofuata uzoefu, ambavyo tangazo halivitaji. Uzoefu wako wa kufundisha Dodoma au Nairobi uombe utambuliwe kabla hujatia sahihi, maana baada ya hapo ni vigumu kuurudia mjadala.

Hatua ya 2: vipindi. SWS ni idadi ya vipindi kwa wiki wakati wa masomo, na kila kipindi ni dakika 45. Vipindi 8 ni saa 6 darasani, bila kuhesabu maandalizi, usahihishaji na mitihani. Kipimo kizuri ni kukadiria kazi kamili: nusu ikiwa na vipindi 8, kazi nzima ina 16. Linganisha na mtafiti mwenye nusu ajira, ambaye mara nyingi hufundisha vipindi 2 tu kwa mshahara uleule wa E 13. Kwa hiyo anayetaka kuandika tasnifu asivutwe na asilimia pekee, kwani nafasi ya mfano wetu ni ya kufundisha, na muda wa utafiti hautajwi popote.

Hatua ya 3: muda, na sababu yake. Neno `befristet` maana yake mkataba una mwisho. Swali la kujiuliza ni sheria gani inayouwekea mwisho huo. Watafiti huajiriwa kwa sheria iitwayo WissZeitVG, inayoruhusu mikataba ya muda kwa jumla ya miaka sita kabla ya uzamivu na sita mingine baadaye (tisa katika tiba). Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kazi iliamua kwamba mwalimu ambaye kazi yake ni kufundisha lugha tu hahesabiwi kuwa mtumishi wa kitaaluma chini ya sheria hiyo. Chuo hulazimika basi kutumia sheria ya kawaida ya kazi, ambayo huruhusu mkataba wa muda usio na sababu maalumu kwa miaka miwili tu. Ndiyo maana ile miaka 2 ya mfano wetu si ya kubahatisha, na ahadi ya mdomo kwamba "tutaongeza" yafaa iulizwe: kwa sababu ipi ya kisheria?

Hatua ya 4: chanzo cha fedha. Mfano wetu haukitaji, lakini katika matangazo mengine neno `Drittmittel` linaonyesha fedha za mradi kutoka kwa mfadhili wa nje, na `vorbehaltlich` huonya kwamba fedha hizo bado hazijaidhinishwa. Usiache kazi uliyo nayo kwa tangazo lenye neno hilo la pili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tangazo nililoliona halitaji E 13 wala asilimia, bali malipo kwa kila kipindi.*

Hiyo huitwa `Lehrauftrag`, nayo si ajira. Hulipwa vipindi ulivyofundisha, na kwa kawaida hakuna likizo ya malipo wala mshahara unapougua. Inamfaa mwenye kipato kingine.

*Langu linasema "bis 31.12.2027" badala ya kutaja idadi ya miaka. Kuna tofauti?*

Ipo, dada, na ni kubwa kwa anayetoka nje. Viza ikichelewa miezi minne, mkataba wa tarehe hupungua miezi minne, kwa sababu mwisho wake umefungwa na mwisho wa mradi. Waulize kwa maandishi kama mfadhili anaruhusu kusogeza tarehe ya mwisho, nao wakikaa kimya hesabu muda uliobaki tangu siku utakayofika kweli.

*Nafasi ya uzamivu imeandikwa 65 %. Je, nitafanya kazi asilimia hiyo tu?*

Mshahara na saa za mkataba ni asilimia 65, na vipindi vyako sharti vilingane nayo. Tasnifu, hata hivyo, hukula muda wa ziada ambao haulipwi. Kabla ya kukubali, muulize msimamizi ni saa ngapi za mkataba wenyewe zimetengwa kwa ajili ya tasnifu yako, na uombe jibu liingie katika barua ya ajira.