Tiketi ya theluji iwe kodi ya mikarafuu
Slaidi za kigeni zinazoeleza gharama iliyokwishazama, yaani pesa iliyokwenda na hairudi, ambayo haipaswi kuamua hatua inayofuata, hupenda mfano wa tiketi ya kuteleza kwenye theluji: umelipa, hairudishwi, leo kuna dhoruba, utakwenda? Kwa wakulima wa Wete niliweka tiketi ya boti. Mzee mmoja akauliza, "Si nitabadili tarehe?" Hoja ikafa palepale, pesa ile bado inaokoleka.

Nikaandika upya: umekodi mikarafuu kwa shilingi 500,000, imezaa kidogo. Kuchuma na kuanika kutakula 260,000, mauzo yataleta 200,000. Uchume? Kodi imeshakwenda, uchume usichume. Hapo wakabishana kweli.

Kabla ya kubadili mfano, andika pembeni masharti yanayobeba hoja. Hapa ni mawili: pesa hairudi, na kuendelea kunakula kuliko kunavyoleta. Mfano mpya ukikosa moja, utupe.