Sauti inavuma: chapa yako iingie au ikae pembeni?

Nasimamia akaunti za chapa mitandaoni, na hakuna swali ninaloulizwa na wateja kama hili: "Sauti hii kila mtu anaitumia, mbona sisi hatumo?" Idadi ya video zilizotengenezwa kwa kipande hicho cha sauti haijibu swali hilo. Mimi hutazama sauti inaiweka chapa wapi: ukiingia, nani atakuwa anachekwa, nani anasifiwa, na mteja wako yuko upande gani? Huu ndio utaratibu ninaoufuata, pamoja na mfano wa kampuni ya samani.

Hatua ya 1: Rudi kwenye chanzo

Kwenye TikTok, gusa jina la sauti chini ya video ili ukurasa wake ufunguke. Itafute video ya kwanza iliyoitoa sauti hiyo, uitazame mpaka mwisho. Kisha tazama ishirini hivi za watu wengine, za karibuni zaidi, na usome maoni yake. Unatafuta aliyesema maneno hayo alikuwa katika hali gani, na watu leo wanayatumia kusema nini. Mambo haya mawili mara nyingi hayafanani. Kilio cha mtu aliyefiwa kinaweza kugeuzwa kichekesho ndani ya siku chache, na chapa inayokichukua kama kichekesho itakutana na wanaokumbuka kilikotoka.

Septemba 2014, chapa ya piza ya DiGiorno iliona alama ya #WhyIStayed inavuma kwenye Twitter, ikaandika kwamba ilibaki kwa sababu kulikuwa na piza. Chini ya alama hiyo, wanawake walikuwa wakieleza kwa nini walibaki na wenzi waliowapiga. Kampuni ilifuta ujumbe, ikaomba radhi na kukiri kwamba haikuwa imesoma alama hiyo inahusu nini. Dakika tano za kusoma zingetosha kuizuia.

Hatua ya 2: Angalia kama una haki ya kuitumia

Watu binafsi wanaruhusiwa nyimbo nyingi ambazo biashara hairuhusiwi. Akaunti ya biashara kwenye TikTok hutumia muziki wa Commercial Music Library, yaani maktaba ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara, na ukiingia Creative Center, tovuti ya TikTok inayoonyesha yanayovuma, unaweza kuchuja nyimbo zinazovuma ubaki na zile zenye alama ya Approved for business use. Ruhusa hiyo ni ya TikTok, kwa hiyo usiipakue video ukaipandisha kwenye mtandao mwingine ukidhani ruhusa imeifuata.

Usijaribu kuzunguka kwa kurekodi kupitia akaunti ya kawaida, wala kwa kumlipa mtu maarufu aiimbe kwa niaba yako. Likiwa ni tangazo, ni tangazo tu. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani iliwapa ushindi kampuni za muziki za Universal na Sony dhidi ya kampuni ya vinywaji vya Bang kwa kutumia nyimbo zao kwenye video za TikTok bila leseni. Sauti iliyoandikwa kuwa ni ya mtumiaji nayo ichunguze, maana huenda ndani yake kuna kipande cha wimbo kilichoongezwa kasi. Kama ni sauti ya mtu wa kawaida akizungumza, mwandikie umwombe.

Ikishindikana hapa, usiendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Chora nafasi zilizomo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo chapa nyingi zinapoharibikiwa bila kuvunja sheria yoyote. Kila chalenji ina mchezo wake, na mchezo una wahusika. Chukua karatasi uwaandike: anayejigamba, anayeumbuka, anayeshangaa, na kile kitu kinachosababisha yote. Halafu iweke chapa kwenye kila nafasi, moja baada ya nyingine.

Tuseme sauti ni ya mtu anayesema kwa kujiamini, "Niachieni, naweza mwenyewe." Kimya kidogo, halafu kishindo cha kitu kuanguka. Watu wanaitumia kuonyesha kazi walizojaribu peke yao zikawashinda. Kampuni inauza viti na meza ambazo mnunuzi huziunganisha mwenyewe nyumbani.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni hili: mteja anatupa karatasi ya maelekezo, anasema anaweza mwenyewe, kiti kinaporomoka. Watu watacheka. Lakini tazama nani yuko wapi. Anayeumbuka ni mteja, yaani yule yule unayetaka anunue. Kinachoporomoka ni kiti chako. Bila kukusudia umewaambia watazamaji kwamba bidhaa yako ni ngumu kuunganisha na kwamba ukikosea kidogo inaanguka na mtu. Maoni yatajaa wenye viti vyenu wakisema, "Changu pia kilinifanyia hivyo."

Badilisha nafasi. Sasa anayejigamba ni mbunifu wa samani ndani ya karakana. Ana kiti cha majaribio alichokipunguzia ubao mmoja wa kukaza miguu ili kionekane chepesi. Anasema anaweza mwenyewe, anaweka gunia la mchanga juu yake, kishindo. Picha inayofuata: kiti kinachouzwa, ubao upo, gunia lile lile limetulia juu yake. Sauti ni ile ile na kicheko ni kile kile, ila anayechekwa ni wa ndani, mteja anatazama akiwa salama, na anaondoka akijua kazi ya ule ubao.

Sauti hiyo hiyo ukiipeleka kwa kampuni ya viti vya watoto vya kwenye gari, hakuna nafasi hata moja inayofaa. Kishindo chenyewe ndicho kitu ambacho mzazi anakihofia. Usihangaike kutafuta pembe ya kuiokoa.

Hatua ya 4: Iondoe sauti

Eleza video yako kwa sentensi moja bila kutaja sauti. "Kiti kisicho na ubao wa kukaza huanguka, chetu kinao" inasimama. "Wafanyakazi wetu wanacheza" haisimami, kwa sababu ukifuta nembo na kuweka ya kampuni nyingine hakuna kinachobadilika. Video ya namna hiyo inaweza kutazamwa sana, na bado mtazamaji asikumbuke ilikuwa ya nani.

Hatua ya 5: Hesabu muda wa idhini

Kama video yako lazima ipitie kwa meneja, mwanasheria na mkurugenzi, pima muda huo kwa ukweli. Rudi kwenye ukurasa wa sauti: ikiwa video mpya tayari zinawadhihaki wanaoendelea kuitumia, umechelewa. Hapo ni heri kutengeneza sauti yako. Mwaka 2019 kampuni ya vipodozi ya e.l.f. ilitungiwa wimbo wa chalenji uliojengwa juu ya maneno yanayounda jina lake, macho, midomo na uso, kwa hiyo kila aliyeucheza aliitaja chapa.

Hatua ya 6: Soma maoni kabla ya kusoma idadi

Ukishapandisha, usiilinganishe video hii kwa kutazamwa tu, maana sauti inayovuma huleta watazamaji wa kwake. Linganisha na video zako za kawaida: kati ya waliotazama, wangapi waliihifadhi, wangapi walifungua ukurasa wako? Kisha gawa maoni mafungu mawili, yanayozungumzia sauti na yanayozungumzia bidhaa. Kwa kiti chetu, mtu akiuliza ule ubao ni wa mti gani, imefanya kazi. Maoni yote yakiwa ni vicheko na kuwataja marafiki, umeichangamsha sauti ya mtu mwingine. Na yakianza kueleza machungu yaliyo nyuma ya sauti hiyo, iondoe video siku hiyo hiyo, useme wazi kwamba umeiondoa na kwa nini.